Ombi la Bajeti Linalohimili Maswali ya Mhasibu

Mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari ya binafsi anaandika dokezo kwa ofisi ya fedha. Anataka shule inunue mashine ya fotokopi. Dokezo lenyewe ni fupi: "Naomba shule inunue mashine ya kisasa ya fotokopi kwa Sh. 7,000,000. Mashine hii itaokoa fedha nyingi zinazotumika mjini kudurufu mitihani, na itawarahisishia walimu kazi." Chini ameambatisha profoma ya duka moja. Wiki mbili baadaye dokezo linarudi likiwa limeandikwa pembeni: "Subiri bajeti ijayo."

Wengi wakipata jibu hilo huamini kwamba mhasibu ni mbahili, au kwamba fedha hakuna. Nimefanya kazi upande ule wa meza kwa muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi sababu ni nyingine. Dokezo halikumpa mhasibu kitu chochote cha kukagua. "Fedha nyingi" ni kiasi gani? Zinaokolewa kutoka kasma ipi, na kuanzia lini? Yeye ndiye atakayesimama mbele ya bodi ya shule kuitetea hiyo milioni saba, na maneno ya mwalimu hayawezi kumsaidia huko. Basi anachagua jibu lisilo na hatari kwake, yaani kusubiri.

Tulifuate ombi hili hadi liwe ombi ambalo mhasibu anaweza kulikubali. Shule ni ya mfano na bei zote ni za mfano. Msomaji ataweka za kwake. Hesabu ndiyo ile ile, iwe unaomba fotokopi, pampu ya maji au gari.

Shule ina wanafunzi 640, yaani 160 kwa kila kidato, kuanzia cha kwanza hadi cha nne. Kila mwezi wa masomo kuna mtihani, na mitihani hiyo hupelekwa kwenye duka la steshenari mjini, ambalo hutoza shilingi 60 kwa ukurasa, karatasi ikiwa ndani yake. Swali la kwanza la mhasibu halihusu mashine hata kidogo. Linahusu kurasa.

Mwalimu alikuwa na jibu lake. Masomo tisa, kurasa nne kwa kila somo, wanafunzi 640, mitihani minane kwa mwaka. Ukizidisha unapata kurasa 184,320.

"Mwalimu, hizi umezihesabu au umezikadiria?"

"Nimekadiria, mama."

"Basi nenda kaniletee risiti."

Risiti za EFD za mwaka mzima zilikuwa kwenye faili la vocha za malipo, hapo hapo ofisini. Zilipojumlishwa zilifika shilingi milioni 9. Gawa kwa 60, unapata kurasa 150,000. Pengo la kurasa 34,000 halikutokana na wizi. Kidato cha tatu na cha nne si kila mwanafunzi anafanya kila somo, kwa kuwa kuna mchepuo wa sayansi, wa sanaa na wa biashara. Mtihani wa Hisabati hutoshea kurasa mbili. Kidato cha nne wakishaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi Novemba, hawahitaji tena mitihani ya shule. Na wako walimu ambao bado huandika maswali ubaoni.

Namba ya kutumia ni hiyo 150,000. Makadirio ya kwanza yangeifanya mashine ionekane na faida kubwa kuliko iliyo nayo, na mhasibu angeligundua hilo siku ya kwanza ya kulinganisha na leja. Mtu akikutwa na namba moja iliyovimba, hata zile sahihi hazisomwi tena kwa imani. Ndiyo maana mimi huanzia kwenye risiti, halafu makadirio nayatumia kuelewa tu kwa nini risiti zinasema hivyo.

Sasa tuingie kwenye gharama. Dukani ukurasa una bei moja, shilingi 60, na habari imeisha. Ukiwa na mashine yako, bei hiyo hugawanyika vipande, na kosa la kawaida ni kukumbuka kipande kimoja tu.

Kuna karatasi. Rimu ya karatasi 500 ikiwa shilingi 12,000, karatasi moja ni shilingi 24. Ukichapa pande mbili, ukurasa mmoja unakula shilingi 12. Kuna tona, ile poda nyeusi inayochapa maandishi, ambayo muuzaji anasema itagharimu shilingi 9 kwa ukurasa. Kuna umeme na vipuri vinavyochakaa, hasa ngoma ya mashine na mipira inayovuta karatasi, tuseme shilingi 4. Jumla ni shilingi 25 kwa ukurasa. Hapa ndipo mwombaji wa haraka huishia: 60 kutoa 25 ni 35, mara kurasa 150,000, shule inaokoa zaidi ya milioni 5 kwa mwaka!

Lakini mashine haijiendeshi. Katibu muhtasi atakayeisimamia atahitaji posho. Tukisema shilingi 100,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 1.2 kwa mwaka. Fundi atakuja kwa mkataba wa matengenezo, shilingi 800,000 kwa mwaka. Gharama hizi mbili hazijali kama umechapa kurasa elfu kumi au laki mbili. Zipo tu. Ukiziweka, shule itatumia milioni 5.75 kwa mwaka badala ya milioni 9, na itaokoa milioni 3.25. Mashine ya milioni 7 inarudisha fedha yake baada ya miaka miwili na miezi michache.

Mhasibu atauliza pia kama kuna njia nyingine. Ombi lenye chaguo moja humlazimisha kusema ndiyo au hapana, na akiwa na shaka atasema hapana. Katika shule kuna chaguo linalojulikana sana, nalo ni mashine ya kudurufu, ambayo wengi huiita riso kwa jina la kampuni ya Kijapani inayoitengeneza. Fotokopi huchora upya kila nakala kwa tona. Mashine ya kudurufu hutoboa mastà moja ya karatasi nyembamba kwa kila ukurasa wa asili, kisha husukuma wino kupitia matundu hayo kwa nakala zote. Gharama ya mastà ni ile ile ukitoa nakala 10 au 160, na wino ni rahisi. Kwa hiyo kadiri nakala za ukurasa mmoja zinavyoongezeka, ndivyo bei ya kila nakala inavyoshuka. Kwa kidato chenye wanafunzi 160, tuseme mastà ni shilingi 600, ambayo ikigawanywa kwa nakala 160 ni karibu shilingi 4 kwa kila moja. Ongeza wino shilingi 2 na karatasi shilingi 12, unapata 18. Ila mashine yenyewe tuiweke milioni 14, na matengenezo shilingi 600,000 kwa mwaka.

Tuziweke njia zote tatu kwa miaka minne, ambao ni muda wa wastani wa kuitegemea mashine kabla haijaanza kumaliza fedha kwa fundi. "Kuendelea kama sasa" lazima iwe mojawapo ya njia, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo bodi itaichagua bila kuandika chochote.

| Njia | Kununua | Kurasa (miaka 4) | Posho na fundi (miaka 4) | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Duka la mjini | 0 | 36,000,000 | 0 | 36,000,000 |
| Fotokopi | 7,000,000 | 15,000,000 | 8,000,000 | 30,000,000 |
| Mashine ya kudurufu | 14,000,000 | 10,800,000 | 7,200,000 | 32,000,000 |

Fotokopi inaokoa milioni 6 kwa miaka minne, na mashine ya kudurufu inaokoa milioni 4 ingawa ukurasa wake ni wa bei ya chini. Bei yake ya kununua haijapata kurasa za kutosha za kuifidia. Kwa namba hizi, ingeipita fotokopi pale shule ingechapa zaidi ya kurasa 221,000 kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi elfu moja ingefikia uamuzi mwingine kabisa, na ndiyo sababu hairuhusiwi kunakili ombi la shule jirani na kubadilisha jina.

Mhasibu mzuri haridhiki na jedwali hilo. Anataka kujua ni lini uamuzi huu ungekuwa wa hasara. Hili ndilo jambo ambalo waombaji hulikwepa, wakidhani kuonyesha udhaifu wa ombi ni kulichongea. Kwangu mimi ndilo linalolipa ombi uzito, kwa sababu linaonyesha kwamba mwombaji ameligeuza upande wa pili kabla ya mwingine kuligeuza.

Hesabu yake ni rahisi. Jumlisha gharama zote zisizotegemea kurasa kwa miaka minne: mashine milioni 7, posho na fundi milioni 8, jumla milioni 15. Kila ukurasa unaochapwa shuleni unaokoa shilingi 35. Gawa milioni 15 kwa 35, unapata kama kurasa 429,000 kwa miaka minne, au karibu 107,000 kwa mwaka. Shule ikichapa chini ya hapo, ni afadhali iendelee na duka. Leo inachapa 150,000, kwa hiyo ina nafasi ya kupumua ya zaidi kidogo ya robo ya kurasa zake. Lakini ikiwa uongozi unafikiria kupunguza mitihani kutoka minane hadi minne, kurasa zitashuka hadi 75,000, na ombi lote linaanguka. Mwalimu wa taaluma ndiye anayejua kama mpango huo upo. Auseme mapema.

Hatari ya pili imejificha kwenye tona, na hii ndiyo huwaumiza wengi. Muuzaji akisema kopo moja linatoa kurasa 20,000, hasemi uongo. Idadi za namna hiyo hupimwa kwa ukurasa ambao wino unafunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi, mithili ya barua fupi ya ofisi. Mtihani wa Jiografia una ramani iliyotiwa kivuli na picha ya mmomonyoko wa udongo. Wa Biolojia una mchoro wa moyo. Kurasa hizo zinaweza kula tona maradufu au zaidi. Tukisema kwa wastani mitihani yote inatumia tona mara mbili ya alivyosema muuzaji, gharama inapanda kutoka shilingi 9 hadi 18 kwa ukurasa, sawa na milioni 5.4 zaidi kwa miaka minne. Akiba ya milioni 6 inabaki laki sita. Kosa la shilingi tisa tu kwa ukurasa limefuta karibu faida yote.

Dawa yake ni kwenda dukani na mitihani halisi ya mwaka jana, masomo yote tisa, na kuomba ichapwe kwenye mashine ya maonyesho. Mashine nyingi za ofisini zinaweza kutoa ripoti ya hali yake, inayoonyesha idadi ya kurasa na tona iliyobaki. Chukua ripoti kabla na baada ya kuchapa kurasa mia kadhaa. Kipimo hicho si kamili, maana kiwango cha tona kwenye ripoti mara nyingi ni makadirio ya mashine yenyewe, lakini kitakuonyesha kama uko karibu na 9 au karibu na 18. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekujibu. Uliza pia bei ya tona halisi na ile ya kuiga, na kama dhamana ya mashine inabaki hai ukitumia ya kuiga. Mara nyingi hesabu nzuri ya muuzaji imejengwa juu ya tona ambayo mkataba wake unakukataza kuitumia.

Baada ya hapo ndipo kotesheni zinapata maana. Sheria nyingi za ndani za taasisi hudai kotesheni tatu, na watu huzikusanya kama ushuru wa kupita getini, tatu kutoka maduka yanayofahamiana. Zisome ukizifanya zifanane kwanza. Duka la kwanza limeandika milioni 7, VAT ikiwa ndani. La pili limeandika milioni 6.2, lakini chini kwa herufi ndogo kuna maneno "bila VAT". Ongeza kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, inakuwa 7,316,000. Shule haiwezi kuirudisha VAT hiyo kama ambavyo mfanyabiashara aliyesajiliwa angefanya, kwa sababu huduma ya elimu imesamehewa kodi hiyo, na asiyetoza VAT kwenye huduma yake hadai iliyo kwenye manunuzi yake. Kwake VAT ni gharama kamili. Duka la tatu limeandika milioni 4.5, lakini mashine ni iliyokwisha kutumika, haina dhamana, na haisemi imechapa kurasa ngapi tayari. Hiyo si bei ya chini ya kitu kile kile, ni kitu kingine. Iweke kwenye ombi, useme kwa sentensi moja kwa nini hukuichagua. Ukiificha, mjumbe wa bodi mwenye shemeji muuza mashine ataitaja mkutanoni.

Mhasibu ana jambo lake moja ambalo walimu hawalioni, nalo ni muda wa fedha. Milioni 7 zinatoka siku moja, akiba inarudi kidogo kidogo kwa miaka minne. Shule ikiwa inatumia mkopo wa benki wa riba ya asilimia 15 kuziba miezi ambayo ada haijaingia, shilingi ya mwaka wa nne haina thamani ya shilingi ya leo. Ukizipunguza akiba za kila mwaka kwa riba hiyo, ile milioni 6 inasinyaa hadi kama milioni 2.3. Bado ni faida, lakini inafahamisha kwa nini mhasibu hakurukaruka kwa furaha. Ukimwonyesha kwamba unalijua hilo, na ukapendekeza manunuzi yafanyike mwezi Februari ada za muhula wa kwanza zikishaingia, umemwondolea nusu ya wasiwasi wake.

Na fedha itoke wapi? Kudurufu mitihani dukani ni matumizi ya kawaida, yako kwenye kasma ya steshenari. Mashine ni mali ya kudumu, inaingia kwenye bajeti ya maendeleo na kwenye daftari la mali za shule. Mwalimu akiandika tu "kutoka kasma ya steshenari", mhasibu hana namna ya kulipitisha hata akitaka. Ombi linatakiwa liseme vyote viwili: milioni 7 kutoka bajeti ya maendeleo, na kasma ya steshenari ipunguzwe mwaka ujao. Sehemu ya pili ndiyo inayomshawishi mhasibu kuliko yote. Nimeona maombi mengi yakiahidi akiba huku kasma ya zamani ikiombwa ile ile bila kupunguzwa hata senti. Hiyo si akiba, ni nyongeza.

Bado hatujagusa sababu ambayo pengine ndiyo iliyomsukuma mwalimu tangu mwanzo: mitihani inavuja. Karatasi zinalala dukani usiku mmoja, na mara moja kidato cha tatu walirudia mtihani wa Kemia. Anatamani kuitaja hiyo kama hoja kubwa ya fedha, lakini kwa fedha ni ndogo mno. Nakala 160 za kurasa nne kwa shilingi 60 ni shilingi 38,400. Uzito wake uko kwingine, kwenye siku ya masomo iliyopotea na kwenye wazazi waliopiga simu wakiuliza matokeo yale ni ya kweli au la. Liandikwe hivyo hivyo, kwa aya yake, bila kulazimishiwa bei. Mhasibu anajua kutofautisha hoja ya fedha na hoja ya heshima ya shule, na bodi itazipima zote mbili.

Dokezo jipya likaanza hivi:

"Naomba idhini ya Sh. 7,000,000, VAT ikiwemo, kutoka bajeti ya maendeleo, kununua mashine moja ya fotokopi mwezi Februari. Kwa mujibu wa risiti za mwaka jana shule ilidurufu kurasa 150,000 kwa Sh. 9,000,000. Kwa mashine hii gharama itakuwa Sh. 5,750,000 kwa mwaka, posho na matengenezo yakiwemo, na kasma ya kudurufu ipunguzwe kwa tofauti hiyo. Kwa miaka minne shule itaokoa Sh. 6,000,000 baada ya kulipia mashine. Uamuzi huu hautakuwa na faida endapo kurasa zitashuka chini ya 107,000 kwa mwaka, au endapo tona itatumika mara mbili ya kipimo na kurasa nazo zikapungua. Jaribio la tona kwa mitihani yetu limeambatishwa, pamoja na kotesheni tatu na jumla ya risiti."

Ukurasa mmoja, viambatisho nyuma. Mhasibu alilisoma akiwa na kikokotoo mkononi, akajumlisha tena risiti za Machi na Agosti, akakuta zinalingana. Aliuliza swali moja: katibu muhtasi akienda likizo ya uzazi, nani atachapa? Mwalimu hakuwa na jibu tayari, akaongeza mstari kwamba mtunza maktaba atafundishwa pia, kwa posho ile ile. Ombi likaenda bodi likiwa na saini ya mhasibu chini yake.

Bodi iliidhinisha kwa sharti moja, ambalo mwalimu mwenyewe alikuwa amelipendekeza. Kila tarehe ya kwanza ya mwezi, katibu muhtasi ataandika kwenye daftari idadi ya kurasa inayoonekana kwenye kioo cha mashine na rimu zilizobaki kabatini. Kurasa zikiwa chini ya 13,400 kwa mwezi kwa wastani wa miezi mitatu ya masomo, au tona ikiisha kabla ya kurasa 12,000, ofisi ya fedha itajulishwa kabla kopo jingine halijaagizwa.